Sukari iliyokauka jiwe, chumvi iliyolowa

Ninaoka keki nyumbani, Umoja, na jiko langu ni chembamba: ukisimama katikati unafikia meko kwa mkono mmoja na rafu kwa mwingine. Kwenye rafu hiyo, juu kabisa ya meko, ndipo nilipokuwa nikiweka chumvi, maziwa ya unga na ile sukari laini ya kahawia ya kuokea.

Wakati wa mvua za Aprili chumvi ilikuwa inalowa hadi kopo la kutikisia linaziba matundu. Nikafanya wanavyofanya wengi, nikatia punje za mchele ndani, na mambo yakawa afadhali. Kwa hiyo Januari, nilipofungua pakiti ya sukari na kukuta donge moja gumu kama tofali, nilidhani adui ni yule yule. Nikahamishia donge kwenye kopo, nikatia mchele mkavu vijiko viwili, nikafunga. Baada ya wiki lilikuwa gumu kuliko mwanzo. Nikalipondaponda kwa mchi nikaokea hivyo hivyo, kwa sababu mteja alikuwa anasubiri. Zile chembe kubwa hazikuyeyuka kwenye siagi. Keki ikatoka na mabaka meusi ya sukari iliyoungua chini, na juu vishimo vidogo. Niliirudia yote upya kwa gharama yangu.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja jirani, mzaliwa wa Malindi. Alishika kipande kilichobaki cha lile donge, akakigonga mezani, akaniuliza, "Mwanangu, hii imelowa au imekauka?" Nikamjibu, imeganda, Bibi. Akasema kuganda si jibu. "Chumvi huganda kwa kunywa maji. Hii imeganda kwa kiu."

Sikuamini mpaka nilipopima. Mizani yangu ya kuokea husoma gramu moja moja, na pakiti nyingine ya gramu 500 nilikuwa nimeifungua mwezi mmoja nyuma bila kutumia hata kijiko. Nikamimina sukari yote kwenye mizani: gramu 492. Zilikuwa zimepotea gramu 8 za maji, kama kijiko kimoja na nusu cha chai, na hilo lilitosha kugeuza pakiti nzima kuwa jiwe.

Sababu yake ni hii. Sukari ya kahawia ya kuokea ni chembe za sukari zilizopakwa utando mwembamba wa molasi, na molasi ina maji. Utando ukiwa na maji, chembe huteleza moja juu ya nyingine, ndiyo maana ukiifinya ngumini inashikana kama mchanga mbichi. Hewa kavu ya Januari na Februari ikiyanyonya yale maji, sukari iliyoyeyuka ndani ya utando huganda na kugandisha chembe zote pamoja. Mchele wangu ulikuwa unamnyima maji mwenye kiu.

Tiba aliyonionyesha Bibi ni kigae. Tulichukua kipande cha chungu kilichovunjika, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, ukubwa wa kiganja. Tukakisugua kwa maji bila sabuni, tukakiloweka dakika 20, tukakifuta kwa kitambaa mpaka hakidondoshi hata tone. Sukari ile ya gramu 492 tuliiweka kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, tukatandaza kipande cha karatasi ya kuokea juu yake, kigae juu ya karatasi, tukafunga. Baada ya usiku mmoja pembe zilikuwa zinavunjika kwa vidole. Usiku wa pili donge lote lilifunguka. Nikapima tena: gramu 501. Kigae kilikuwa kimekaa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, nikakitoa. Ukikiacha huko siku nyingi, sukari ya chini inaanza kuwa kama uji mzito.

Kipande cha mkate hufanya kazi ile ile, lakini mimi huutoa baada ya siku moja tu, kwa kuwa mkate huota ukungu. Na kama keki ni ya leo leo na una maikrowevu, weka donge kwenye bakuli, lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, pasha sekunde 20, chambua kilicholegea, kisha rudia. Itumie ikiwa bado na joto, kwa sababu ikipoa hurudi kuwa ngumu, pengine kuliko mwanzo.

Jambo moja linachanganya watu hapa kwetu. Sukari ya kawaida ya dukani, ile ya chembe kavu zenye rangi ya kahawia hafifu tunayotia kwenye chai, siyo hii. Ile ikifanya madonge huwa imelowa, na kigae kitaiharibu. Kipimo ni ngumi: sukari ikiwa mpya, ifinye. Ikishikana na kubaki na alama za vidole, ni ya molasi, ilinde isikauke. Ikimwagika kama mchanga mkavu, ilinde isilowe.

Tukija kwenye chumvi, hewa ikizidi unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi safi huanza kuvuta maji yenyewe, na ile yenye mabaki ya magnesi huanza mapema zaidi. Mvua za masika zinatosha, achilia mbali mvuke wa sufuria chini ya rafu. Hatua iliyonisaidia kuliko zote ilikuwa kuhamisha makopo kutoka juu ya meko hadi ukuta wa pili. Mchele bado natia, kijiko kimoja cha chai kwenye kopo la mezani, ila kwanza naukaanga mkavu mpaka ubadilike rangi kidogo na kuuacha upoe. Mchele ambao wenyewe umekaa kwenye gunia lenye unyevu hauna nafasi ya kunyonya kitu. Chumvi iliyokwisha kulowa naitandaza kwenye trei na kuiingiza kwenye oveni niliyozima baada ya kutoa keki, dakika 15, mlango wazi kidogo. Siikaangi motoni, kwa sababu yetu imetiwa madini ya joto, na moto mkali pamoja na unyevu huyapunguza.

Maziwa ya unga ndiyo yasiyosamehe. Sukari iliyomo kwenye maziwa, wakati yanakaushwa, haipati muda wa kujipanga kuwa chembe. Ikivuta maji inakuwa kama gundi, kisha inaganda, na hapo hakuna kigae wala oveni itakayoirudisha. Kosa langu lilikuwa kuchota kwa kijiko juu ya sufuria ya chai inayotoa mvuke, kisha kukirudisha kijiko hicho hicho ndani ya kopo. Sasa nikifungua pakiti nagawa mara moja: kopo dogo la wiki hii, na mengine yanafungwa hadi zamu yake. Siyaweki kwenye friji, kwani kopo baridi likifunguliwa jikoni kwenye joto, hewa huacha umande ndani yake.

Madonge ya maziwa nayajaribu kwa vidole. Yakivunjika kuwa unga mweupe, nayapitisha kwenye chekecheke na kuyatumia kwenye mandazi. Yakiwa magumu, yamegeuka manjano au yananuka mafuta ya zamani, natupa. Na maziwa ya mtoto mchanga yakiganda, hayachekechwi hata kidogo.

Kigae cha Bibi kinaning'inia kwa uzi karibu na dirisha, kikiwa kikavu. Januari kinaingia kwenye kopo la sukari usiku mmoja kila baada ya wiki mbili, na mvua zikianza tu, nakitoa.