Siku moja na kadi ya kamera namba 4

05:30. Hapa kwetu Katuba umeme huwa mzuri kabla jiji la Lubumbashi halijaamka, kwa hiyo naanza mapema. Nawasha kompyuta kabla sijanawa uso. Kadi imefika jana jioni, imefungwa kwenye karatasi ya daftari na kuandikwa kwa mkono wa mlinzi: K4, njia ya mtoni. Imetoka kwenye shamba la wanyama upande wa barabara ya Kasenga, ambako kamera nane zimefungwa kwenye miti, kila moja urefu wa goti na nusu kutoka chini. Ndani yake mna video 412, kila moja ya sekunde 15. Kazi yangu ni kutazama zote na kuandika ni mnyama gani, wangapi, saa ngapi.

Video ya kwanza kabisa haina mnyama. Ni papa mlinzi amesimama mbele ya kamera na kibao chenye tarehe na saa, halafu anashika fimbo yenye utepe mweusi kila sentimita 10. Anasimama mita 2 kutoka kwenye kamera, kisha 4, kisha 6. Mwanzoni alikuwa akilalamika kwamba anapotezewa muda. Leo video hiyo ndiyo iliyoniokoa, nitaeleza.

06:10. Nakagua saa ya kamera. Saa iliyo kwenye kibao inalingana na ile iliyoandikwa chini ya picha. Halafu naangalia ni lini picha zinageuka kutoka rangi kuwa nyeusi na nyeupe. Mwezi huu wa tisa jua linazama kwetu kama saa 18:05, na kamera imebadilika muda mfupi baadaye. Ingekuwa inaonyesha giza saa 14:00, ningejua kuna mtu aliyechanganya mchana na usiku alipokuwa akiiweka, na hesabu yote ya usiku ingekuwa ya uongo.

07:00. Video tupu. Ni nyingi, na karibu zote ni za mchana, kati ya saa 12:00 na 15:00. Kamera haioni mnyama kama sisi tunavyoona. Inahisi joto linalosogea, lililo tofauti na joto la nyuma yake. Wakati huu pori limekauka, ardhi inachoma, na nyasi zenye joto zikipepea tu, kamera inaamka. Hizo napita haraka.

Video tupu za usiku sizipiti haraka hata kidogo. Usiku nyasi zimepoa, kwa hiyo kitu kilichoiamsha kamera mara nyingi ni kiumbe hai. Inawezekana kilipita kabla haijaanza kurekodi, maana nayo huchelewa kidogo kuamka. Natazama mpaka sekunde ya mwisho, pembe zote nne. Asubuhi hii katika mojawapo niliona nukta mbili tu za mwanga juu ya tawi, zikaruka mita nzima kwenda kando. Komba. Hakuna mnyama mwingine huku mwenye macho yanayoruka namna ile.

09:20. Nguruwe pori. Saa 02:13:05 watatu wanapita kutoka kushoto kwenda kulia. Video inaisha, kamera inapumzika sekunde 20, inaamka 02:13:40, wanapita wanne, upande uleule. Saa 02:14:22 wawili wanarudi kutoka kulia kwenda kushoto. Je, ni tisa? Siwezi kusema hivyo. Wale wawili wanaweza kuwa ni walewale waliokwisha kupita, kwa hiyo naandika "angalau 7". Saa 02:38 anatokea mmoja peke yake. Hazijapita dakika 30 tangu wale wa mwisho, basi namweka kwenye ziara ileile. Dakika 30 ni mapatano ya watu wa kazi hii, nguruwe hawana habari nayo, lakini bila mapatano hayo nguruwe mmoja anayechimbua mizizi mbele ya kamera usiku kucha angegeuka kundi zima kwenye jedwali.

12:15. Umeme umekatika. Betri ya kompyuta imebaki kidogo, naizima. Tunakula bukari na sombe. Simu inalia, ni msimamizi wa shamba.

"Ndugu yangu, umemwona? Chui! Mlinzi alinionyesha kwenye kioo kidogo cha kamera. Mwenye madoa, mkubwa!"

"Papa, bado sijafika huko. Ni usiku gani?"

"Juzi. Na wiki iliyopita mbuzi wangu mmoja amepotea. Vijana wameanza kutayarisha mitego ya nyaya."

Nilimwomba asubiri hadi jioni. Mtego wa nyaya hauchagui, humnasa hata pongo mwenye mimba.

14:40. Umeme umerudi. Naenda moja kwa moja kwenye usiku huo, saa 23:47. Na kweli, moyo ulinidunda. Mnyama mrefu anakatiza kioo karibu chote, ubavu mweupe kama karatasi kwa sababu mwanga wa infraredi umempiga, madoa yanaonekana nusunusu kwenye paja. Ukimtazama mara moja, utasema chui.

Swali la kwanza si madoa. Swali ni yuko umbali gani, kwa sababu kidogo kilicho karibu na kikubwa kilicho mbali vinajaza kioo sawasawa. Nafungua video ya mlinzi. Akiwa mita 2, sentimita 10 za fimbo ni sentimita 2 kwenye kioo changu. Akiwa mita 6, ni milimita 7 hivi. Mnyama wangu, kutoka chini hadi begani, ni sentimita 3.8 kwenye kioo. Akiwa mita 6, urefu wake ni kama sentimita 55, na hapo chui au mondo anaingia. Akiwa mita 2, ni sentimita 19.

Basi yuko wapi? Kuna kisiki. Mlinzi akisimama mita 2 anakificha, akisimama mita 4 kisiki kinaficha buti lake. Kwa hiyo kisiki kiko katikati, kama mita 3. Mnyama alipopita, kisiki kilipotea nyuma ya tumbo lake. Yuko mbele ya kisiki. Hata ningemweka palepale kisikini, asingezidi sentimita 29 begani.

Nikaipeleka video picha moja moja, kwa kubonyeza E kwenye VLC. Katika picha nne za mwisho mkia unatoka kwenye mwanga mkali na pete zinaonekana, nyeusi, nyeupe, nyeusi, kwenye mkia unaokaribia urefu wa mwili. Kanu. Niliandika: kanu, 1, uhakika mkubwa. Aina ya kanu niliiacha wazi, maana picha hii haitoshi kuzitenganisha.

17:10. Nilimtumia msimamizi picha mbili pembeni kwa pembeni, kanu mbele ya kisiki na mlinzi na fimbo yake. Alikaa kimya muda mrefu.

"Basi mbuzi wangu kaliwa na nani?"

"Kamera hii haijui, papa. Iko njia ya mtoni, na zizi lako liko mbali nayo."

"Na mitego?"

"Waambie vijana waitoe kwanza. Kesho mlinzi aifungue K4, aifunge kwenye mti unaotazama mlango wa zizi. Na asisahau fimbo."

18:20. Zimebaki video 61. Umeme ungali upo, naendelea.