Mwenyekiti alipopiga kura pande zote mbili

Mimi ni katibu wa kampuni ndogo ya familia hapa Mwanza. Ina hisa 1,000 na wanahisa wanane. Mwaka juzi tuliitisha mkutano mkuu wa kubadili katiba ya kampuni, jambo ambalo linahitaji azimio maalumu, yaani robo tatu ya kura zinazopigwa.

Wanne walifika wenyewe, wakiwa na hisa 600. Fomu za uwakala, yaani za kumteua mtu akupigie kura, zilikuja tatu. Katiba yetu inataka fomu ifike saa 48 kabla ya mkutano, hivyo kila iliyoingia niliigonga muhuri na kuandika saa kwa kalamu kwenye kona. Mbili ziliwahi: ya shangazi aliyeko Maskati, hisa 180, na ya mjomba, hisa 120. Ya tatu, hisa 60, ililetwa na bodaboda asubuhi ile ile. Mwenyekiti akaikataa.

Tuliponyoosha mikono, watatu walikubali na mmoja akapinga. Watu wakaanza kupiga makofi, maana watatu kwa wanne ni robo tatu kamili. Lakini kwa katiba yetu wakala hahesabiwi kwenye mikono, na mimi nilikuwa na fomu ya mjomba mbele yangu, imewekwa alama ya "Hapana". Nikamnong'oneza mwenyekiti, naye akaagiza kura zihesabiwe kwa hisa.

Hapo ndipo palipotatiza wengi. Mjomba alikuwa amemteua mwenyekiti mwenyewe kuwa wakala wake. Kwa hiyo mwenyekiti alipiga kura 200 zake za ndiyo, na 120 za mjomba za hapana. Ndivyo inavyotakiwa, kwani wakala aliyepewa maelekezo hapigi kura kwa moyo wake. Jumla ikawa ndiyo 630, hapana 270. Ni asilimia 70, azimio likaanguka.

Kwenye muhtasari nilitenganisha orodha: waliohudhuria wenyewe, waliowakilishwa pamoja na jina la wakala na idadi ya hisa, kisha fomu iliyokataliwa. Niliandika: "Fomu ya hisa 60 ilipokelewa saa 2:40 asubuhi siku ya mkutano. Mwenyekiti aliikataa kwa kuchelewa." Kwenye azimio niliweka hatua zote mbili, mikono na hisa, nikaonyesha kura za mawakala ndani ya kila upande: "Ndiyo 630, zikiwemo 180 za wakala. Hapana 270, zikiwemo 120 za wakala. Azimio halikupita." Fomu zenyewe nilizihifadhi kwenye jalada la mkutano, hata ile iliyokataliwa.

Miezi miwili baadaye mwenye hisa 60 alikuja amekasirika, akidai kukataliwa kwa kura yake ndiko kulikoangusha azimio. Nilimfungulia jalada, akauona muhuri na ile saa. Kisha tukapiga hesabu pamoja: hata zake zote zingeongezwa kwenye ndiyo, zingekuwa 690 kati ya 960, na zilihitajika 720.