Unga wetu tulivyouita sisi na ulivyoitwa dukani

Mimi, wifi yangu na rafiki yetu mmoja tunasaga na kuuza unga wa uji wa ulezi mjini Morogoro. Mwaka wa tatu wa biashara tuliamua kubadilisha mfuko. Mfuko wa zamani ulikuwa na mchoro wa mama anayepepeta nafaka kwa ungo, na sote watatu tuliuona umepitwa na wakati. Mpya ungekuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka, kwa kuwa kwetu sisi huo ulikuwa unga wa kulea watoto. Mchapaji alitaka oda isiyopungua mifuko 5,000. Kabla ya kulipa fedha nyingi kiasi hicho, niliomba tupate kwanza kuwasikia wanunuzi, na wenzangu wakakubali kusubiri wiki sita.

Nilianza na sisi wenyewe. Kila mmoja aliandika peke yake, bila kumuuliza mwenzake, maneno matano yanayoueleza unga wetu pamoja na sentensi moja ya kumwambia mtu asiyeujua. Kuandika kila mtu kivyake kuna maana yake, kwa sababu waanzilishi wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye hutoa jibu na wengine huitikia. Karatasi zilipokusanywa, neno «asili» lilikuwa kwenye zote tatu, «watoto» kwenye zote tatu, «lishe» kwenye mbili. Niliziweka ndani ya bahasha na kuifunga, ili baadaye asiwepo wa kusema kwamba alikuwa anajua tangu mwanzo.

Mahojiano matatu ya kwanza niliyafanya mwenyewe, na yote niliyatupa. Wateja walinijua, nao walinijibu kama mgeni anavyomjibu mwenyeji aliyempikia chakula: unga mzuri sana, hongereni, Mungu awazidishie. Hapakuwa na uongo katika majibu hayo, ila yalikuwa ni adabu, na adabu haikuambii mtu anaeleza nini usipokuwapo. Dalili yake ni nyepesi kuitambua: ukisikia sifa tupu zisizotaja siku, chungu wala mtu aliyekunywa, ujue unajibiwa kwa heshima. Kwa hiyo tulimtafuta binti mmoja aliyemaliza chuo, asiyefahamika kwa wateja wetu, naye akazungumza na watu 18 kuhusu uji wanaokunywa nyumbani bila kutanguliza jina letu. Kumi na wanne walikuwa wananunua kwetu bado, na wanne walikuwa wameacha. Hao wanne tuliwatafuta kwa makusudi kupitia wenye maduka, kwani ukiwauliza waliobaki peke yao utasikia tu kwa nini watu wanabaki.

Maswali yalikuwa machache. Mara ya mwisho ulipopika uji, nieleze ilivyokuwa tangu uliponunua unga mpaka ulipokunywewa. Nani alikuambia habari za unga huo, na alisemaje? Ukimtuma mtoto dukani, unamwambia alete upi? Swali hilo la mwisho ndilo lililozaa zaidi, kwa kuwa anayemtuma mtoto hana nafasi ya kupamba maneno. Hutaja kile tu kitakachomfanya mtoto arudi na kitu sahihi. Binti alirekodi kwa ruhusa yao, kisha akaandika neno kwa neno. Nilimsihi asifasiri. Mteja akisema «haukwaruzi meno», ibaki hivyo. Ukiandika «ubora» umekwisha kuweka neno lako kinywani mwake, na pengo unalolitafuta umelifukia kwa mkono wako.

Mimi mwenyewe nilikaa asubuhi mbili kwenye benchi la duka moja la Kihonda, nikisikiliza watu wanavyouomba unga. Jina letu halikutajwa hata mara moja. Walisema «nipe ule wa mama mwenye ungo», na mzee mmoja akasema «ule usio na mchanga, wa mgonjwa».

Tulipofungua bahasha na kuziweka karatasi zetu kando ya maneno ya wateja, «asili» haikuwa imetamkwa na yeyote kati ya wale 18. Watoto walitajwa na wanne. Tisa walizungumzia mzazi aliyetoka kujifungua, mgonjwa au mzee asiyeweza kutafuna. Mchanga ulitajwa na 11. Kila apikaye ulezi anaujua usumbufu huo: nafaka hupurwa chini, hubeba changarawe ndogo zinazolingana nayo kwa umbo, na usipoichambua na kuiosha vizuri, uji unakwaruza meno. Sisi tulikuwa tukipepeta na kuosha mara tatu kila wiki, tukaiona kazi hiyo kuwa ya kawaida mno kustahili kutajwa. Nadhani hapo ndipo pengo lilipozaliwa. Tulikuwa tunaeleza nia iliyotufanya tuanze, na wao wanaeleza kile kinachotokea mdomoni.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni ule mchoro. Tuliuchora kuonyesha asili na mashamba, lakini wateja waliusoma kuwa ni ahadi: mama anapepeta, basi ulezi umechambuliwa. Tulikuwa karibu kuing'oa alama pekee iliyobeba sababu yao ya kununua, na kuweka picha ambayo ingemfanya anayemnunulia mama yake mgonjwa adhani amekosea mfuko. Tulilijaribu hilo kwa watu wengine sita wasiotujua, tukiwaonyesha mifuko yote miwili na kuwauliza kila mmoja ni wa nani. Wa mtoto anayecheka wote sita waliuona wa watoto wachanga. Wa ungo walisema ni wa nyumbani, wa kila mtu.

Hata hivyo, si kila neno la mteja tulilichukua. Watano walisema uji huu «unaongeza damu». Ulezi una madini ya chuma, lakini kuandika hivyo kwenye mfuko ni kukiuza chakula kama dawa, na miongozo ya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inakataza chakula kudaiwa kutibu maradhi. Neno hilo tuliliacha midomoni mwao.

Neno la mchanga nalo lilikuwa na deni. Wawili kati ya wale wanne walioacha walikuwa wamekuta mchanga katika mfuko wetu, wa msimu mmoja ambao tuliharakisha uoshaji. Kabla ya kuchapa ahadi hiyo tuliweka kipimo kwa kila gunia linalotoka mashineni: vijiko viwili vya unga ndani ya glasi ya maji, vinakorogwa, vinaachwa vitulie kidogo, kisha maji ya juu yanamwagwa polepole na kuongezwa mengine, mpaka kibaki kile kilichozama tu. Masalio hayo unayafikicha kati ya vidole viwili. Yakikwaruza, gunia zima haliuzwi. Gunia la kwanza kukataliwa wifi alilizunguka mara mbili, akafikicha tena, akanyamaza.

Mfuko uliochapwa una mama yule yule na ungo wake, na chini yake maneno «Ulezi umechambuliwa na kuoshwa. Hauna mchanga.» Jina letu lipo juu, kwa herufi kubwa, na bado halitajwi. Mwenye duka wa Kihonda amenionyesha daftari lake la mkopo, ambamo ameandika «mama ungo 2» mbele ya jina la mteja, na sasa hati zetu za kupeleka mzigo tunaziandika hivyo hivyo.