Usiku Nilipotangaza Pasipoti za Wageni

Aprili 2021 Zanzibar ilijaa Warusi, na kampuni moja ya utalii iliniletea kazi: sera ya faragha na masharti ya kutumia tovuti yake, kutoka Kiingereza kwenda Kirusi. Nilisoma Voronezh miaka mingi, Kirusi changu hakinipigi chenga, nikakubali kwa siku nne.

Kwa kuwa maandishi ya kisheria hayataki neno moja kubadilika kila ukurasa, nilianza kwa jedwali la istilahi lenye safu mbili: neno la Kiingereza kushoto, la Kirusi kulia. "Taarifa binafsi" ikawa персональные данные, kama ilivyo katika Sheria ya Shirikisho la Urusi Na. 152 ya 27 Julai 2006, inayohusu taarifa hizo. Kampuni yenyewe ikawa Оператор, maana ndivyo sheria hiyo inavyomwita anayeamua taarifa zichakatwe vipi na kwa lengo gani. Meneja alinung'unika: "Mwalimu, sisi si watu wa simu." Nilimweleza, ingawa kero ya kweli ilikuwa kwamba kampuni ya utalii kwa Kirusi ni туроператор, kwa hiyo ilibidi niitazame ile herufi kubwa ya Оператор kila mahali.

Kiingereza chao kilikuwa na kitenzi kimoja cha kumpa mtu mwingine taarifa. Kampuni inawapa mashirika ya ndege, inaipa hoteli, inampa dereva: kitenzi kile kile. Nami, mtumwa wa jedwali langu, nikakipa neno moja la Kirusi, распространять, linalotamkwa rasprostranyat, na kulirudia kwa uaminifu mpaka mwisho.

Usiku wa tatu, baada ya futari, nilimtumia rasimu rafiki niliyesoma naye, sasa ni mwanasheria hukohuko Voronezh. Alipiga simu akicheka.

"Ndugu yangu, hiyo kampuni inabandika pasipoti za watalii ukutani?"

Akanisomea kifungu cha 3 cha sheria ileile Na. 152. Распространение ni kuzifunua taarifa kwa watu wasiohesabika, yaani kuzitangaza. Kumpa mtu au kundi linalojulikana ni предоставление, predostavlenie. Na tangu Machi 1 mwaka uleule, wiki chache tu nyuma, kuzitangaza kulihitaji ridhaa ya peke yake, iliyotengwa na ridhaa nyingine. Tafsiri yangu ilikuwa inamwambia mgeni kwamba pasipoti yake itatangazwa hadharani, tena bila ridhaa hiyo.

Nilidhani ni kazi ya dakika moja: tafuta, badilisha. Maneno yenyewe yanafanana miisho, yananyumbulika sawasawa. Nikabonyeza, nikasoma ukurasa wa kwanza, nikarudisha kila kitu haraka.

Kwanza, vitenzi hivyo viwili haviandamani na maneno yaleyale. Unatangaza *среди третьих лиц*, miongoni mwa watu wengine, lakini unawapa *третьим лицам*, bila kihusishi na kwa miisho mingine. Kubadilisha kitenzi peke yake kuliniachia "tunatoa miongoni mwa watu wengine", sentensi ambayo hata mtoto wa Voronezh angeikunjia uso. Pili, sentensi ya ufunguzi ilisema *настоящая Политика распространяется на…*, yaani sera hii inawahusu watu fulani. Ni kitenzi kilekile, ila hapo hakina habari yoyote na taarifa za mtu, nami nilikuwa nimekigeuza kuwa "sera inatolewa juu ya". Tatu, kwenye masharti ya matumizi, pale mtumiaji anapokatazwa kunakili na kusambaza picha za tovuti, распространять ndilo neno lenyewe hasa. Likiondoka hapo, mtu anaweza kuzimwaga picha mtandaoni kote akasema hakukatazwa.

Basi nikatafuta mzizi tu, maana kwa Kirusi ukitafuta neno zima miisho inakukwepa:

```
распростран
```

Ulitokea mara 19. Nilizipitia moja moja kwa kalamu, nikijiuliza swali moja: nani anapokea? Kumi na tatu zilikuwa za hoteli, ndege na madereva. Nikazibadilisha pamoja na maneno yanayozifuata. Nne zilikuwa za picha na mbili za "inahusu", hizo sikuzigusa. Kwenye jedwali niliongeza safu ya tatu, "mpokeaji", na lile neno moja la Kiingereza likapata mistari mitatu. Watu wa daku walikuwa wanapita na ngoma zao nilipofika chini.

Asubuhi meneja alifungua faili, akaenda moja kwa moja kwenye picha ya ukurasa wa kulipia.

"Na hiki kitufe cha 'Nakubali', Mwalimu?"

Kilikuwa kimoja, kwa hati zote mbili. Kwa Kirusi masharti unayapokea, *принимаю*, lakini kuchakatwa kwa taarifa zako unakutolea ridhaa, *даю согласие*. Nikamwomba visanduku viwili. Alisema atamuuliza fundi.