Nilivyomfundisha mtoto wa kaka hesabu za riba kwa kuanzia na uchakavu

Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha tatu hapa Wete. Hesabu zilizokuwa zikimshinda ni zile za maneno: fulani kaweka fedha benki kwa riba juu ya riba, au fulani kanunua gari ambalo thamani yake inashuka kila mwaka. Kanuni alizihifadhi vizuri tu. Kilichomtatiza ni kujua atumie ipi, na namba gani iende wapi. Kwa kuwa skuli maswali yanakuja kwa Kiingereza, nilimwekea sharti: hashiki kalamu mpaka anisimulie swali lote kwa Kiswahili. Kitu kilianza na thamani gani, kinapanda au kinashuka, kwa asilimia ngapi, na kila baada ya muda gani.

Vitabu vingi huanza na riba. Mimi nilianza na uchakavu, kwa sababu mtoto wa Pemba anayeijua fedha inayozaa riba ni mmoja mmoja, ila mashine ya boti inayochakaa anaiona kila akipita bandarini. Halafu yeye mwenyewe alishaniuliza, "Ami, kwani riba si haramu?" Nikamwambia kuipigia hesabu siyo kuila. Hata hivyo niliona tuingie kwa mlango mwingine, na huko ndiko tulikofanya kazi kubwa.

Swali letu lilikuwa hili. Mashine ya boti imenunuliwa kwa shilingi 4,000,000. Kila mwaka thamani yake inapungua kwa 15% ya thamani iliyokuwa nayo mwanzoni mwa mwaka huo. Itakuwa na thamani gani baada ya miaka 3?

Kanuni nikaificha kwanza. Nilimwambia asitafute kilichopotea, atafute kilichobaki. Ikipotea 15 katika kila 100, inabaki 85, yaani thamani inazidishwa kwa 0.85. Akaandika mwaka kwa mwaka:

```
Mwaka 1:  4,000,000 × 0.85 = 3,400,000
Mwaka 2:  3,400,000 × 0.85 = 2,890,000
Mwaka 3:  2,890,000 × 0.85 = 2,456,500
```

Alipoona 0.85 imejirudia mara tatu, kanuni ikajitokeza yenyewe:

```
V = P(1 - r/100)^n
V = 4,000,000 × (0.85)^3 = 2,456,500
```

P ni bei ya kuanzia, r ni asilimia inayopotea kila kipindi, n ni idadi ya vipindi, na V ni thamani inayobaki.

Kosa linalowakamata wengi hapa ni kupiga 15% ya 4,000,000, wakapata 600,000, kisha wakaitoa hiyohiyo kila mwaka. Ukimwambia mwanafunzi kwamba ni kosa, anakuitikia na kesho analirudia. Nilimwacha aendelee kutoa 600,000 mpaka mwaka wa saba. Jumla ya alizotoa ikafika 4,200,000, mashine ikawa na thamani ya chini ya sifuri kwa 200,000. Akacheka mwenyewe: "Sasa mwenye mashine amlipe mtu aichukue?" Ukweli ni kwamba ipo njia ya uchakavu inayotoa kiasi kilekile kila mwaka, na wahasibu wanaitumia, lakini wao hupanga mapema miaka ya kukitumia kifaa na huacha kutoa miaka hiyo ikiisha. Swali linaposema asilimia ya thamani ya mwaka huo, njia hiyo haina nafasi.

Kisha nikamgeuzia swali. Pikipiki inashuka thamani kwa 20% kila mwaka, na baada ya miaka 2 ina thamani ya shilingi 1,920,000. Ilinunuliwa kwa bei gani? Akili ya haraka inasema: ilishuka 20% mara mbili, basi tuirudishie 20% mara mbili. Ukifanya hivyo unapata 1,920,000 × 1.44 = 2,764,800. Sasa ishushe tena hiyo, 2,764,800 × 0.64, inatoka 1,769,472. Haikurudi kwenye 1,920,000, kwa hiyo jibu si sahihi. Sababu ni kwamba 20% iliyopotea ilikuwa ya namba kubwa, na 20% unayoirudisha ni ya namba ndogo. Njia ni kugawanya:

```
1,920,000 = P × (0.80)^2
P = 1,920,000 / 0.64 = 3,000,000
```

Huo mtindo wa kulirudisha jibu ndani ya swali nilimkazania kuliko kitu chochote. Nusu dakika inatosha.

Swali la kutafuta muda ndilo gumu zaidi, maana n iko juu kwenye kipeo. Tulirudi kwenye mashine yetu: itapungua chini ya nusu ya bei, yaani chini ya 2,000,000, baada ya miaka mingapi kamili? Tunataka 0.85^n iwe ndogo kuliko 0.5. Tulichukua logi pande zote mbili:

```
n × log 0.85 < log 0.5
n × (-0.0706) < -0.3010
n > 0.3010 / 0.0706
n > 4.26
```

Alama imegeuka kwa sababu tumegawanya kwa namba hasi, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Jambo la pili ni kwamba 4.26 haikadiriwi kuwa 4. Mwaka wa nne mashine bado ina 2,088,025. Mwaka wa tano ina kama 1,774,821. Jibu ni miaka 5.

Tulipofika kwenye riba, kilichobaki kilikuwa kidogo. Kitu kinapanda badala ya kushuka, kwa hiyo kutoa kunakuwa kujumlisha, na A ni fedha yote ya mwisho pamoja na riba yake:

```
A = P(1 + r/100)^n
```

Kipya kilikuwa kipindi. Mtu kaweka 2,000,000 kwa riba ya 10% kwa mwaka, na riba inaongezwa kwenye fedha yake kila miezi 6. Atakuwa na kiasi gani baada ya miaka 2? Kwa mwaka riba inaongezwa mara mbili, kwa hiyo 10% inagawanywa kwa 2 na miaka inazidishwa kwa 2. Yote mawili yafanyike, siyo moja:

```
r = 10/2 = 5      n = 2 × 2 = 4
A = 2,000,000 × (1.05)^4 = 2,431,012.50
```

Kipimo cha jibu hili ni kulilinganisha na riba ya mwaka kwa mwaka, ambayo ni 2,000,000 × 1.21 = 2,420,000. Ya miezi 6 lazima iizidi kidogo, kwa sababu riba ya nusu ya kwanza nayo imeanza kuzaa mapema. Ukipata 2,928,200, umezidisha miaka ukasahau kugawanya asilimia. Ukipata 2,205,000, umegawanya asilimia ukasahau miaka. Na swali likiuliza riba peke yake, usiliache jibu kwenye A: toa 2,000,000 za mwanzo, ibaki 431,012.50.