Nilivyopima hatari ya akiba yangu kabla ya kuigawa kati ya hisa na hatifungani

Nilipoamua kugawa akiba yangu kati ya mfuko wa hisa na mfuko wa hatifungani, hesabu ya faida haikunisumbua. Iliyonikosesha usingizi ni hatari: nikichanganya kinachoyumba sana na kinachoyumba kidogo, mchanganyiko wenyewe utayumba kiasi gani?

Nilianza na makadirio ya namba nyepesi. Hisa: faida inayotarajiwa 14% kwa mwaka, mkengeuko sanifu 20%. Hatifungani: faida 8%, mkengeuko sanifu 10%. Mkengeuko sanifu ndio kipimo cha kuyumba, yaani faida ya kila mwaka hutawanyika umbali gani kutoka kwenye wastani wake. Nikajaribu kwanza kuweka 40% kwenye hisa na 60% kwenye hatifungani. Faida inayotarajiwa ni 0.4 × 14 + 0.6 × 8, sawa na 10.4%. Mifuko ipande pamoja au ipishane, jibu hili halibadiliki.

Varianzi, ambayo ni mraba wa mkengeuko sanifu, ina tabia tofauti kabisa:

```
V = (0.4×20)² + (0.6×10)² + 2×(0.4×20)×(0.6×10)×r
V = 64 + 36 + 96r
```

Vipande viwili vya kwanza ni vya kila mfuko peke yake. Cha tatu ndicho kinachobeba jambo zima, kwa sababu ndani yake kuna r, kipimo cha uhusiano wa mwendo wa mifuko miwili. Huanzia -1, pale inapokwenda kinyume kabisa, hadi 1, pale inapokwenda sambamba kabisa.

Nikaanza kubadilisha r. Ikiwa 1, V ni 196 na kipeuo chake cha pili ni 14%, ambacho ni wastani ule ule wa 20 na 10 kwa mgawo wangu wa 40 kwa 60. Hapo kuchanganya hakujapunguza chochote. Ikiwa 0, V ni 100, na mkengeuko ni 10%. Hapa nilitulia kwa muda mrefu. Hatari hiyo ni sawa na ya hatifungani tupu, lakini faida imepanda kutoka 8% hadi 10.4%. Na uhusiano haukuhitaji kuwa hasi, ulitosha kutokuwepo.

Sasa nikahitaji r ya kweli. Nilipanga faida za kila mwezi za mifuko yote miwili kwenye jedwali la kompyuta, miezi 60, kisha nikaandika:

```
=CORREL(B2:B61,C2:C61)
```

Ni muhimu ziwe faida za mwezi, si bei. Bei za vitu viwili vinavyokua miaka nenda miaka rudi zitaonekana kama ndugu hata kama kuyumba kwake hakuna uhusiano wowote. Ukiona r ya 0.95 kati ya hisa na hatifungani, kagua kwanza umeingiza nini.

Yangu ilitoka 0.2. Kwa mgawo wa 40 kwa 60, mkengeuko ukawa 10.9%. Nikashusha hisa hadi 25%:

```
V = (0.25×20)² + (0.75×10)² + 2×5×7.5×0.2
V = 25 + 56.25 + 15 = 96.25
```

Kipeuo cha pili ni 9.8%. Nimeongeza kitu chenye hatari maradufu, na hatari ya jumla imeshuka chini ya ile ya hatifungani peke yake! Faida inayotarajiwa nayo ni 9.5%. Kwangu mimi huu ndio uzuri halisi wa hesabu hii. Ila una mpaka wake: jambo hili hutokea tu r ikiwa chini ya mkengeuko mdogo ukigawanywa kwa mkubwa, hapa 10 ÷ 20, yaani 0.5. Ikifika hapo au kuzidi, kila hisa utakayoongeza itaongeza kuyumba, ingawa bado kutakuwa chini ya wastani wa mikengeuko miwili mpaka r ifike 1.

Ndiyo maana sikuiamini 0.2 kama namba ya kudumu. Kwa miezi 60, kosa sanifu la makadirio hayo ni kama 0.12, hivyo kwa makosa mawili kama hayo juu yake, r ya kweli ingeweza kukaribia 0.45. Isitoshe, r yenyewe huhama. Mwaka 2022, mfumuko wa bei ulipofanya benki kuu zipandishe riba kwa kasi, hisa na hatifungani za Marekani zilianguka pamoja, wakati wengi walitegemea moja imkinge mwenzake.

Kwa hiyo nilirudia hesabu ya 25 kwa 75 nikiweka r ya 0.6. V ikawa 126.25, na mkengeuko 11.2%. Mwaka mbaya, wa mikengeuko miwili chini ya wastani, ungenipotezea takriban 13% badala ya 10%. Niliitazama hasara hiyo kwa kiasi cha fedha, nikaona naweza kuibeba bila kulazimika kuuza, na mgawo huo ndio niliouweka.