Homa iliyokataa kuwa malaria

Dada yangu alimleta mwanawe maabara kwetu Kirumba siku ya Jumatano. Ulikuwa mwezi Agosti na benchi la nje lilijaa watoto wenye homa, kwa hiyo mpwa wangu wa miezi kumi na mitano alikuwa mmoja tu katika foleni. Homa ilikuwa imemwanza Jumapili asubuhi. Zahanati walikompeleka kwanza kipimo cha haraka kilisema hana malaria, wakampa dawa ya mseto hata hivyo. Nikampima upya kwa darubini, matone mazito na membamba. Sikuona kimelea hata kimoja.

Kwenye mkojo ndiko nilikokuta kitu. Chembe za usaha zilitapakaa, na mtu yeyote wa maabara akiona hivyo kwa mtoto mwenye homa anaandika maambukizi ya njia ya mkojo, ile yutiai inayotajwa kila kona ya Mwanza. Daktari wa zamu akaanzisha sindano za antibayotiki. Mimi nilipandisha mkojo kwenye sahani ya kuoteshea bakteria, nikangoja. Alhamisi hakuna kilichoota. Ijumaa vilevile, na homa ilikuwa bado nyuzi 39.6, inashuka kidogo kwa parasetamoli na kurudi kabla dozi nyingine haijafika.

Usaha bila bakteria una maana yake. Chembe nyeupe zimekuja kupigana, lakini adui hayupo pale. Nikatoa damu: chembe nyeupe 19,000, chembe sahani, zile za kugandisha damu, 480,000, na kasi ya kutuama kwa damu milimita 92 kwa saa. Huo ni moto mkubwa ndani ya mwili, na antibayotiki haikuwa imeugusa.

Jumamosi tukampandisha hospitali kubwa kwa daktari wa watoto. Mama yule hakuanza na karatasi zangu. Alimkalisha mtoto mapajani mwa dada, akamvua fulana, akawa anatazama tu. Macho yote mawili yalikuwa mekundu, lakini makavu, hayana tongotongo. Midomo ilipasuka hadi kutoa damu. Ulimi ulikuwa mwekundu na vipele vyake vimesimama. Viganja na nyayo vilivimba, dada mwenyewe akasema tangu jana viatu havimwingii. Vipele vya mwilini sisi wote hatukuviona, maana kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha; daktari alivipapasa kwa kidole, kisha akafungua nepi na kutuonyesha ngozi ya kinenani inavyoanza kubanduka.

Mwisho akashika bega. Kovu la chanjo ya kifua kikuu, ile anayochomwa mtoto akizaliwa, lilikuwa limevimba na kuwa jekundu upya.

"Hili kovu limeanza lini kuwa hivi?"

"Juzi, daktari. Nilidhani kaumwa na mbu," dada akajibu.

"Homa ilianza siku gani? Nataka siku yenyewe, mama, usinikadirie."

Alipoambiwa Jumapili, alihesabu kwa vidole: leo ni siku ya saba. Akatuambia ni ugonjwa wa Kawasaki, uliopewa jina la daktari wa watoto wa Japani, Tomisaku Kawasaki, aliyemwona mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1961 na kuandika habari zake mwaka 1967. Mpaka leo chanzo chake hakijulikani, wala hauna kipimo kimoja cha maabara cha kuuthibitisha. Unatambuliwa kwa macho: homa ya siku tano au zaidi, na dalili nne kati ya tano, yaani macho, mdomo, vipele, mikono na miguu, na tezi ya shingo. Mpwa wangu hakuwa na tezi, lakini nne nyingine alikuwa nazo. Kovu halimo kwenye hesabu hiyo, ila daktari alisema likiwaka hivyo humpa moyo kwamba hajakosea.

Shemeji akauliza, kama macho na midomo vitapona vyenyewe, haraka ya nini. Ni kweli hupona vyenyewe, na homa nayo huisha baada ya wiki mbili hivi. Hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu wazazi hurudi nyumbani wakishukuru. Ugonjwa huu hushambulia kuta za mishipa ya damu, na unayoipenda zaidi ni ile midogo inayoulisha moyo wenyewe. Ukuta ukilegea, mshipa hututumka kama tyubu ya baiskeli iliyochoka sehemu moja. Damu ikizubaa pale inaganda, na mtoto mdogo anaweza kupata shambulio la moyo. Bila tiba, kututumka huko humpata mtoto mmoja kati ya wanne. Akipewa dawa iitwayo immunoglobulini kabla ya siku ya kumi kupita, hubaki kama mmoja kati ya ishirini na tano. Ultrasaundi ya moyo ilionyesha mshipa mmoja wa kushoto umepanuka kidogo, haujatutumka.

Dozi ni gramu mbili kwa kila kilo. Mtoto alikuwa na kilo kumi, kwa hiyo gramu 20, chupa nne za gramu tano. Mwanza nzima siku ile tulipata chupa moja. Dawa hii ni kingamwili zinazochujwa kutoka damu ya maelfu ya wachangiaji, na bei yake inafanana na kazi hiyo. Baba mkwe wa dada alipiga simu Magu, ng'ombe wakauzwa jioni ileile kwa bei ya hasara. Chupa tatu zikaja na ndege ya Jumapili asubuhi, kwenye boksi la ubaridi, zimefungwa gazeti zisiguse barafu, maana zikiganda hazifai tena.

Dripu ilianza saa nane mchana, polepole mno. Sista alipima joto, mapigo na presha kila robo saa. Saa ya pili mtoto akatetemeka. Sista akafunga dripu, akamwita daktari, wakangoja atulie, wakaendelea kwa mwendo mdogo zaidi. Ilimalizika usiku wa manane. Alfajiri joto lilikuwa nyuzi 37.1, na mtoto aliyekuwa akilia hata akiguswa aliomba uji.

Daktari hakusherehekea. Alisema watoto wachache dozi ya kwanza huwashinda, na kipimo chake ni homa kuwepo saa 36 baada ya dripu kwisha. Tulivuka saa hizo bila homa.

Bibi yake mtoto aligomba alipoona aspirini. Kila mama anajua mtoto hapewi aspirini! Daktari akamkubalia kabisa, kisha akamweleza kwamba hapa ni ili damu isigande: kwanza dozi kubwa hadi homa itulie, halafu nusu ya kidonge cha miligramu 75 kila siku kwa wiki sita. Akipata mafua makali au tetekuwanga katikati, aletwe siku hiyohiyo. Wiki ya tatu ncha za vidole zilibanduka na chembe sahani zikapita 900,000. Yote mawili tulishaambiwa tuyategemee. Wiki ya sita mshipa ulikuwa umerudi upana wake, na aspirini ikasimamishwa.

Kilichobaki kilikuwa chanjo. Mtoto alipotimiza miezi kumi na minane, muuguzi wa kliniki alimfokea dada kwa kukosa surua-rubela ya pili. Dada akatoa barua ya daktari: kingamwili za watu wengine bado zinazunguka mwilini mwake, zitaiua chanjo kabla haijafanya kazi, kwa hiyo angoje miezi kumi na mmoja tangu dripu; isipokuwa surua ikizuka mtaani, achanjwe mapema na kurudiwa baadaye. Muuguzi aliisoma mara mbili, akakata tarehe kwenye kadi kwa wino mwekundu, akaandika Julai.